Neva 12 kwenye kihamba cha bibi

*"Mwalimu, shikamoo. Nasoma diploma ya utabibu hapa Moshi, mwaka wa kwanza. Pasti pepa zinarudia orodha zilezile, hasa neva 12 za fuvu: zitaje kwa mpangilio, kisha aina na kazi ya kila moja. Nimekariri sentensi ya herufi za mwanzo, lakini kwenye karatasi herufi ninazo, majina sina. Nikajaribu ile mbinu ya kupanga vitu ndani ya nyumba kichwani, vikachanganyikana. Nimebakiwa na wiki tano. Nakosea wapi?"*

Marahaba, mwanangu. Chukua kalamu uziandike hizo herufi zako za mwanzo, maana kosa la kwanza litaonekana lenyewe: O, O, O, T, T, A, F, V, G, V, A, H. Sasa zihesabu. O ziko tatu, T mbili, A mbili, V mbili. Kati ya herufi 12, ni F, G na H tu ambazo kila moja ina mwenyewe mmoja. Zilizobaki tisa zinakuachia kazi ya kubahatisha, na kwenye chumba cha mtihani, huku msimamizi akipita nyuma ya kiti chako, hakuna anayebahatisha vizuri. Sentensi ya herufi inakuambia vitu ni vingapi na vinafuatana vipi. Jina lenyewe haikupi, na kazi ya neva haina habari nayo.

Usiitupe mbinu hiyo, ihamishe tu mahali. Inafaa pale ambapo kila herufi ina maana moja. Aina za neva ziko tatu: za hisi, za mwendo, na zinazofanya zote mbili. Ziite H, M na Z. Kuanzia ya kwanza hadi ya 12 zinakwenda H H M M Z M Z H Z Z M M, na wanafunzi wangu huzibeba hivi: "Hapa Himo mama muuza zabibu maarufu zake huuza zote, zilizooza mpaka mbichi." Utasema zabibu ni za Dodoma, Himo zimefikaje? Ndiyo maana haisahauliki. Herufi ya tano ni Z, basi neva ya tano ni ya hisi na mwendo pamoja. Ya nane ni H, hisi peke yake. Hapo hakuna O tatu za kugombania kiti kimoja.

Majina na kazi ndivyo vinavyohitaji nyumba. Usichukue nyumba ya kwenye video, wala jumba la kufikirika. Chukua mahali ambapo miguu yako inapajua hata umeme ukikatika. Mimi natumia kihamba cha bibi yangu Kibosho, yaani shamba lenye nyumba yake, na nitakutembeza humo ili uone picha zinavyotengenezwa. Wewe utatumia kwenu. Nafasi ni 12, zinafuatana kama mtu anavyoingia kutoka barabarani: geti, ua wa masale, mfereji, banda la ng'ombe, mlango wa jiko la nje, mti wa parachichi, kibaraza, redio iliyo mlangoni mwa sebule, meza ya chakula, kitanda cha bibi, kabati, na mlango wa nyuma. Kabla ya kuweka neva hata moja, zipite nafasi hizo tupu mara tatu, kwenda na kurudi. Ukikwama kwenye njia tupu, ujue njia yenyewe haijakaa, na chochote utakachoweka juu yake kitaanguka.

Sasa tuingie. Getini kuna mzee mmoja wa Kimasai, Ole, amefungua faktori ya kahawa. Ole, faktori: olfaktori. Anazuia kila gunia lisipite mpaka aingize pua yake ndefu ndani. Neva ya kwanza, kunusa. Na hapohapo kuna mtego ambao watunzi wa mitihani wanaupenda: ukipima neva hii unampa mgonjwa kitu kama kahawa au sabuni, tundu moja la pua likiwa limezibwa, macho yamefumbwa. Humpi amonia, kwa sababu mwasho wake unachukuliwa na neva ya tano, na mgonjwa aliyepoteza uwezo wa kunusa bado atashtuka. Kwangu Ole ana chupa ya amonia aliyoipiga teke ikavunjikia nje ya geti.

Kwenye ua, kila sale limevaa miwani na linanikodolea: optiki, kuona. Kwenye mfereji kuna mota ya kusukuma maji, na juu yake jicho kubwa linazunguka: okulomota. Kifuniko cha mota ni kope inayopanda, na kila jua likimulika mboni inabana. Hizo ndizo kazi zake tatu, kusogeza jicho karibu kila upande, kuinua kope na kubana mboni, na zote ziko kwenye picha moja inayofanya kazi. Bandani kuna troli limening'inizwa kwenye kapi, ng'ombe chini yake ameelekeza macho chini, kwenye pua yake mwenyewe. Troklia: jicho kutazama chini na ndani. Kapi sikulichagua ovyo. Msuli wa neva hii unapita kwenye kitanzi kama kamba kwenye kapi, na jina lenyewe limetoka huko.

Mlango wa jiko ni nafasi ya tano, na hapo nimebandika mkono mkubwa wa dhahabu. Huo si ubunifu wangu. Walimu wa Kirumi, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, walishauri kila nafasi ya tano iwekewe alama, na mkono wa dhahabu, kwa sababu ya vidole vyake vitano, ni mfano wao. Faida yake utaiona ukiulizwa neva ya sita: huanzii getini, unaruka moja kwa moja hadi kwenye mkono na kusogea hatua moja. Chini ya mkono wamekaa Jemina watatu, mapacha, wanatafuna miwa kwa kelele. Mmoja amejipaka unga kwenye paji la uso, wa pili shavuni, wa tatu tayani. Trijemina: matawi matatu, hisi za uso na misuli ya kutafuna.

Chini ya mparachichi, Abdu ameona senti pembeni. Hataki watu wajue, kwa hiyo kichwa hakigeuzi. Jicho peke yake linateleza kwenda nje. Abdusenti, na kazi yake ni hiyo tu. Kibarazani bibi anafanyiwa feshiali, kama ya saluni za mjini. Anatabasamu, anakunja uso, anatoa machozi, na kwa ncha ya ulimi analamba sukari iliyomwagikia mdomoni. Neva ya saba inaitwa feshiali, inaendesha misuli ya uso na machozi, na inabeba ladha ya theluthi mbili za mbele za ulimi. Juu ya redio amesimama jogoo, kavaa vesti ya bulu, kwa mguu mmoja, anawika koko: vesti, bulu, koko, vestibulokoklia. Mguu mmoja ni mizani ya mwili, kuwika ni kusikia.

Mezani kuna faru. Kajipaka glosi midomoni na anaringa: glosi, faru, ringa, glosofaringia. Anameza mkungu mzima wa ndizi, ladha anaisikia nyuma kabisa ya ulimi, kisha anachefuka. Neva ya tisa inasaidia kumeza, inachukua ladha ya theluthi ya nyuma, na ndiyo inayohisi koo likiguswa. Kitandani, nafasi ya kumi, yenye mikono miwili ya dhahabu, umelala mtungi wa gesi uliovikwa shuka. Vaa gesi: vagasi. Mpira wake unapita kooni ambako sauti inatoka, unazunguka moyo na mapafu, unaishia tumboni. Mbele ya kabati kuna binti amevaa aksesori zote alizonazo, mikufu mpaka shingo imelemewa. Anainua mabega kuipunguza uzito, anageuza kichwa kushoto na kulia ajione kwenye kioo. Na kwenye mlango wa nyuma mtu ametoa ulimi mrefu, anautikisa huku na huku akiuliza glosi iko wapi. Haipo. Faru ameimaliza. Haipo glosi: haipoglosi, misuli ya ulimi.

Umeona nilivyozitenganisha ya tisa na ya 12? Hizo mbili wanafunzi huzibadilishana kila mwaka kwa sababu majina yote yanabeba neno la ulimi. Sikuwaambia wakumbuke tofauti. Niliigeuza tofauti kuwa kisa, kwa mmoja glosi ipo, kwa mwingine haipo. Popote orodha yako ina vitu viwili vinavyofanana, hapo ndipo pa kukaa dakika kumi kutafuta kisa. Vile ambavyo havifanani na kingine vitajishika vyenyewe.

Turudi kwako, maana unasema ulijaribu na vikachanganyikana. Nyumba huvunjika kwa namna tatu, na kila moja ina dalili yake.

Ukifika kwenye nafasi ukakuta patupu, picha yako ilikuwa imesimama tu, haikugusa mahali. Faru aliyesimama karibu na meza atapotea usiku huohuo. Faru aliyeivunja meza, au aliyekwama asiweze kutoka sebuleni, hataondoka. Rudi ukaipe picha jambo la kuifanyia nafasi ile, si kando yake.

Ukiiona picha vizuri lakini jina haliji, sauti ndiyo mbovu. Kuna mwanafunzi aliniletea picha ya jicho kubwa kwa ajili ya optiki. Mtihani ukaja, akaliona jicho, akaandika okulomota. Jicho ni kazi, si jina, na neva nne kati ya 12 ziko kwenye jicho. Kila picha lazima iwe na kitu kimoja kinachotamkika kama jina na kingine kinachoonyesha kazi. Kikikosekana kimoja, bado hujamaliza kuitengeneza.

Ukifika kwenye nafasi ukakuta mgeni wa orodha nyingine, uliitumia nyumba ileile kwa orodha mbili kabla ya kwanza kukomaa. Nadhani hili ndilo lililokupata. Kila orodha iwe na njia yake. Kihamba kikishachukua neva, mifupa ya kiganja ipelekwe shule yako ya msingi, na orodha ya tatu kanisani au msikitini unaposali. Wengine hutumia barabara ya kutoka stendi hadi chuoni. Inawezekana, ila ujihadhari na maduka yanayofanana. Maduka manne ya simu yaliyofuatana si nafasi nne, ni nafasi moja iliyorudiwa, na picha zitahama kutoka duka moja kwenda jingine bila wewe kujua.

Kuna kitu kimoja nyumba haikibebi kabisa, nacho ni tahajia. Faru atakuletea sauti, hatakuandikia jina kama linavyotakiwa kwenye karatasi. Majina marefu, ya nane na ya tisa hasa, yaandike kwa mkono kutoka kwenye notisi mpaka kidole kiyazoee. Usidhani kwamba kwa kuwa unayatamka basi unayajua.

Sasa hizo wiki tano. Usiku wa kwanza weka sita tu, kutoka getini hadi kwa Abdu. Funga daftari, osha vyombo, baada ya dakika kumi tembea na uandike kwenye karatasi tupu. Si kusoma tena, ni kuandika bila kuangalia. Kesho yake andika zile sita kwanza, ndipo uongeze sita zilizobaki. Baada ya hapo tembea njia nzima siku inayofuata, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki, kisha wiki mbili. Kila safari chukua karatasi mpya, na pale ulipokwama urekebishe picha palepale, usisubiri. Mara moja anzia mlango wa nyuma kurudi getini. Mara nyingine mwambie mwenzako wa chumba akutajie namba ovyo: tisa, nne, 11. Ukiwa tayari, majina 12 yatatoka ndani ya dakika mbili bila kuhema.

Lakini pasti pepa haziombi majina tu, na hapa mimi mwenyewe niliumia. Nikiwa mwanafunzi niliipenda mbinu hii mno. Nilijaza kila chumba nilichokijua, nikaingia kwenye mtihani nikiwa na orodha zaidi ya 20 kichwani, na nilizitoa zote. Swali lilisema "eleza". Nikaorodhesha. Nikapewa sapu, na chuo hakikunionea hata kidogo. Basi kabla ya kujenga chochote, weka pasti pepa za miaka mitano mezani na uangalie kitenzi cha kila swali. Panaposema "taja" au "orodhesha", jenga nyumba. Panaposema "eleza" au "tofautisha", nyumba ni ya kukupa vichwa vya aya, na maelezo uyajue kwa kuelewa. Orodha ambayo kitu kimoja kinasababisha kingine, kama njia ya damu kupita kwenye moyo, usiipelekee picha hata moja. Fuata damu yenyewe, inajua inakokwenda.

Kuna swali la aina nyingine ambalo huwaangusha wenye nyumba nzuri. Halitaji neva. Linakuletea mgonjwa: jicho lake la kulia haliwezi kwenda nje, ni neva ipi? Aliyejizoeza kwenda kutoka jina hadi kazi ataanza kutembea kutoka getini kama mgeni aliyepotea. Kwa hiyo fanya zoezi la kinyume. Andika kila kazi au dalili kwenye kikaratasi chake, changanya, chomoa kimoja, na ukimbilie nafasi moja kwa moja. Jicho haliendi nje, nenda mparachichini, Abdu hakuiona senti, ni ya sita. Anashindwa kushuka ngazi kwa sababu anaona vitu viwili akitazama chini, nenda bandani kwa ng'ombe, ni ya nne. Ulimi ukitolewa unapinda upande mmoja, mlango wa nyuma. Mtu anahisi pamba shavuni lakini hawezi kutabasamu upande huo, basi Jemina wako salama, tatizo liko kibarazani kwa bibi. Swali hilo la mwisho lina alama nyingi, kwa sababu wengi huiona tano na saba kama kitu kimoja kinachoitwa uso.

Siku yenyewe, ukipewa karatasi, usianze kujibu. Ukurasa wa nyuma wa kijitabu cha majibu, ule wa kazi ya rafu, andika namba 1 hadi 12 kwenda chini. Pitia sentensi ya mama wa Himo, uweke H, M na Z pembeni. Kisha ingia getini utembee, jina moja kwa kila namba. Ukikwama usisimame hapo, acha nafasi wazi uendelee hadi mlango wa nyuma, maana mara nyingi ile iliyopotea utaikuta ukirudi. Ukimaliza, upigie ukurasa ule mstari mmoja wa kukata, ndipo ufungue swali la kwanza.